Ratiba ya Matengenezo ya Jenereta na Kompresa: Toleo la Pili

Ratiba hii inafuta toleo la kwanza lote. Maneno "mara kwa mara", "inapobidi" na "mafundi wahakikishe" yameondolewa, kwa sababu kila msomaji aliyafasiri kwa namna yake, na kazi iliyoachiwa wote iliishia kutofanywa na yeyote.

Vipindi vinahesabiwa kwa mita ya saa iliyo kwenye paneli ya kila mashine. Panapotajwa saa pamoja na miezi, kinachotimia kwanza ndicho kinachofuatwa, kwa kuwa jenereta ya akiba huweza kumaliza miezi 6 bila kufikisha saa 250, ilhali oili yake inaendelea kuharibika.

Jenereta

Kila siku kabla ya kuiwasha, mwendeshaji wa zamu ya asubuhi atapima oili kwa kijiti, atatazama kiwango cha maji ya radieta na kukagua kama kuna uvujaji. Kifuniko cha radieta kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto. Kila saa 250 au miezi 6, fundi mitambo atabadilisha oili na filta yake kwa pamoja; kila saa 500 au miezi 12, atabadilisha pia filta ya dizeli na ya hewa. Siku ya kwanza ya kazi ya kila mwezi, fundi umeme atasafisha na kukaza vichwa vya betri.

Kompresa

Mwisho wa kila zamu, mwendeshaji wa zamu hiyo atatoa maji yaliyojikusanya chini ya tangi. Kazi hii ya dakika chache isidharauliwe: maji hayo hutokana na unyevu wa hewa iliyobanwa, na yakiachwa hula chuma kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Kila Ijumaa fundi mitambo atakagua mkanda na kusafisha filta ya hewa, baada ya kuzima mashine, kutoa hewa yote kwenye tangi na kufunga swichi kuu kwa kufuli ambayo ufunguo wake utakaa mfukoni mwake.

Mhusika asipokuwepo, msimamizi wa matengenezo atateua mbadala kwa maandishi kabla ya zamu kuanza; asipoteua, kazi hiyo ni yake mwenyewe.

Kumbukumbu

Kabla ya kuondoka kwenye mashine, aliyefanya kazi ataandika katika daftari la mashine hiyo tarehe, usomaji wa mita, kazi iliyofanyika, vipuri vilivyobadilishwa na usomaji ambao kazi hiyo itarudiwa, kisha atatia sahihi. Mfano: "Mita 1,740. Oili na filta yake vimebadilishwa. Ijayo: 1,990." Kosa likatwe kwa mstari mmoja na kutiwa sahihi, lisifutwe. Kazi isiyoandikwa itahesabiwa kuwa haijafanyika. Kila Jumatatu msimamizi atalinganisha daftari na mita, na mashine iliyopitisha kipindi chake kwa zaidi ya saa 10 haitawashwa hadi kazi ikamilike.