Maneno ya asubuhi ya fundi mpya wa Langoni

Mdogo wangu, haya ni yako ya wiki mbili za kwanza. Yasome kwa sauti ya chini kabla hujafungua mlango wa duka, polepole, mara mbili. Dakika tatu zinatosha. Hutakuta humu "mimi ni hodari kupita wote". Moyo ulioshuka ukisikia hivyo hujibu palepale, "uongo", nawe ukabaki chini kuliko ulivyoanza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, uliotoka mwaka 2009, uliliona jambo hilo kwa watu wasiojithamini.

*Naanza na nilichonacho. Najua kupima kifua, kiuno na nyonga, na kutia uzi kwenye cherehani bila kuelekezwa. Mwezi wa Januari sikujua.*

*Mteja akisimama karibu, mkono wangu hutetemeka. Ukitetemeka, futi inasoma vilevile. Nikipima mara mbili na kuandika daftarini kabla sijashika mkasi, kitambaa cha mtu kiko salama kwangu.*

*Bei ya gauni hili ni shilingi 800. Naitaja mara moja, kisha nanyamaza. Mteja akivuta pumzi, hajanitukana. Anahesabu pesa zake. Sitajishushia bei kabla hajafungua mdomo.*

Hilo la bei ndilo litakalokukwama kooni. Likikwama, usilisukume. Lipunguze: "Leo nitaitaja bei yangu kwa mteja mmoja tu." Ukiweza kulisema bila kuona aibu, hapo ndipo pa kuanzia. Siku tatu likikaa vizuri, rudi kwenye lile refu.

*Juzi nilikosea shingo ya gauni. Nilifumua, nikashona upya, mwenyewe akalichukua. Kosa lilinila saa mbili, halikunila kazi.*

*Si lazima Langoni nzima inisifu. Mama aliyeleta sare za wanawe Jumatatu amerudi Alhamisi na kitambaa cha pazia. Hakuna aliyemlazimisha.*

*Mshono nisioujua nitasema siujui, na nitaomba hadi kesho nikaulize.*

Usiku, kabla ya kulala, ongeza mstari mmoja wako mwenyewe. Uwe na kitu kilichofanyika na wakati wake, kama hivi: "Saa kumi alasiri nilimaliza vifungo vitano vya kanzu, vikakaa sawa." Ukiandika "leo nilijitahidi", kesho utautilia shaka, maana hauna cha kushika. Siku mbaya andika hata kwamba ulifungua duka. Baada ya siku 14 utakuwa na mistari 14. Chagua mitatu unayoiamini zaidi, iweke mahali pa ile iliyochakaa hapo juu.

Na hili liweke kando mpaka Idi ikikaribia na kanzu zimejaa mezani:

*Kazi nilizopokea nazijua idadi. Atakayekuja leo nitamwambia nimejaa, na nitamwambia siku nitakayokuwa na nafasi.*