Meli ya Babu

Chini ya vitenge, ndani ya sanduku la bati, Kabula alikuta ubao wa hadibodi uliochorwa meli. Nyekundu ilikuwa imebaki waridi tu. Akachovya kitambaa majini.

"Acha! Hadibodi ikinywa maji inavimba, rangi inabanduka. Brashi kavu inatosha."

"Nani kachora, Bibi?"

"Babu yako, kwa rangi iliyobaki ya mitumbwi, pale Kirumba. Nikaitundika mkabala na dirisha, jua likaila."

Pembeni, alama ya dole gumba ilikuwa imekaukia kwenye bluu ya ziwa. Kabula akasoma ubavuni: MV Bukoba.

"Mbona ukaificha?"

"Tarehe 21 Mei 1996 ilizama, karibu kabisa na Mwanza. Babu yako alikuwemo."

Kabula akaweka dole lake juu ya lile.