Mgambo wa Babu

Shija alikuwa na miaka kumi, mtoto wa Igoma, na siku shule zilipofungwa mwezi wa 6 mama yake akampakia kivuko cha Kamanga na mfuko wa nguo akamwambia nenda kamsaidie babu yako shamba, hapa unanimalizia bando tu. Babu alikuwa analima matikiti na nyanya kando ya ziwa upande wa Sengerema, anamwagilia kwa mashine ya petroli na mipira.

Shida ilikuwa mbwa. Dume kubwa la rangi ya udongo, sikio moja limechanika, mchana amefungwa mnyororo chini ya mwembe, giza likiingia anafunguliwa. Halafu jina lake ndo Mgambo. Sasa we fikiria, mama yake Shija anauza mitumba Mlango Mmoja, mtoto amekua akisikia "mgambo hao!" watu wanabeba turubai wanakimbia, afu unamletea mbwa anaitwa hivyo. Na bado alishawahi kung'atwa na mbwa wa jirani akachomwa zile sindano za kichaa cha mbwa, kwa hiyo yule mbwa akikohoa tu, Shija yuko ndani.

Babu hakumlazimisha kumshika. Alimpa kazi moja, kila jioni ampelekee ugali na vichwa vya sato. Siku za mwanzo alikuwa anasukuma sufuria kwa fimbo, bibi anacheka mpaka anakaa chini. Baadae fimbo ikafupika, baadae akaisahau.

Usiku wakikaa nje babu anamfundisha kusikiliza. "Sikia hiyo, anabweka mfululizo anasogea mbele, huyo ni mtu. Akibweka huku anarudi nyuma kwetu, fisi huyo."

"Na kiboko je babu?"

"Kiboko hambwekei. Mgambo alikuwa na mwenzake, akamfuata kiboko anabweka, hakurudi mzima. Tangu hapo huyu akimuona anakuwa bubu."

Maana viboko wanatoka majini usiku kula, na shamba lenye maji kiangazi kwao ni hoteli. Babu alikuwa anasema kiboko hana ugomvi na wewe, ugomvi unaanza ukisimama kati yake na ziwa.

Sasa jioni moja babu akakumbuka dumu la petroli limebaki kwenye mashine. Wezi wa petroli wapo, akamwambia Shija kimbia kalichukue kabla giza halijakolea, Mgambo keshafunguliwa mtaenda wote. Shija akachukua tochi, akashika njia ya kwenye matete, mbwa yuko mbele anakojolea kila kichaka kama kawaida yake.

Mashine ilikuwa inaonekana kabisa, hatua chache tu, ndo Mgambo akageuka. Akasimama katikati ya njia, kaikata kwa ubavu, manyoya ya mgongo yamesimama. Shija akajaribu kupita pembeni, mbwa akamziba. Akajaribu upande mwingine, mbwa akaonyesha meno, kimya kabisa. Mwili wote wa Shija ulikuwa unamwambia toka mbio, leo ananing'ata, na mguu ulishaanza kunyanyuka, ila kitu kikamgonga kichwani. Mbona habweki?

Akazima tochi. Akarudi nyuma taratibu, mkono umeshika ngozi ya shingo ya Mgambo, mara ya kwanza kumgusa na wala hakujijua kama anamgusa. Wakafika kwenye mahindi ndo wakasikia ule mkoromo mzito, na matete yanalala upande mmoja, krrr krrr, kitu kinakula bila haraka.

"Dumu liko wapi?" babu akauliza.

"Kiboko."

"Kabweka?"

"Hajabweka."

Babu hakuuliza tena. Akamwambia bibi aongeze ugali.

Asubuhi walikuta nyayo za vidole vinne vinne, pana kama sahani, zimepita kati ya matete na mashine palepale, mstari mzima wa matikiti umepondwa, dumu limelala pembeni halijaguswa. Babu alisikitikia matikiti siku nzima, na kwa kweli yalikuwa yameshapatanwa bei na mchuuzi wa mjini.

Wiki ya mwisho ya likizo wako wanakula, Mgambo akaanza kule kwenye uzio. Babu akanyanyuka na panga. Shija hata mkono hakutoa kwenye sahani.

"Kaa babu, ni mtu. Tena anamjua, sikia anavyokatisha katisha."

Babu akabaki kasimama na panga lake. Kikapita kimya kidogo, afu sauti ya jirani gizani:

"Hodi jamani! Nimefata chumvi tu, mwambieni huyu Mgambo wenu sina biashara!"