Haidroliki ya ekskaveta: matengenezo ya kila saa 500

Shusha bumu na baketi hadi chini, zima injini, kisha sogeza leva pande zote presha iishe. Usitafute mvujo kwa kidole: mafuta ya presha hupenya ngozi. Tumia kadibodi. Aliyepenywa apelekwe hospitali mara moja, hata kama tundu ni la sindano.

Pampu ikilia, kagua kiwango cha mafuta na hosi ya kuvuta. Mara nyingi inanyonya hewa tu. Valvu ya kupunguza presha isikazwe bila geji. Fimbo ya silinda yenye mikwaruzo itakata sili mpya.

Mafuta mapya ya pipa si masafi: yajazwe kupitia filta ya mikroni 10. Midomo ya hosi izibwe kwa vizibo, si matambara. Nyuzi za matambara huishia kwenye valvu.