Maelezo ya Shahidi: Karafuu Zilizoondoshwa Barazani, Mtambwe

Bi Wakili, assalamu alaykum.

Haya ni maelezo ya Bi Time baada ya kupangwa. Alipokuwa akihadithia alianza na kwa sheha, akarudi usiku wa tukio, kisha akatupeleka hadi siku ya kuchuma. Nimeyafuatisha siku zilivyokwenda, na nimenyoosha sentensi zilizokatika. Kwa mfano, alisema: "Sauti ile miye naijua, Makame, kalelewa kwangu, uso la, sikuuona, giza." Utaikuta aya ya 5 imekaa sawa, na kila alichokisema kimo. "Nadhani" na "kama" zake nimeziacha zote. Ukiziondoa unampa uhakika asiokuwa nao, na akija kuulizwa na upande wa pili ataumbuka bure, ilhali alisema kweli tangu mwanzo.

MAELEZO YA SHAHIDI

Mimi Time, mwenye umri wa miaka 61, mkulima, mkaazi wa Mtambwe, Wilaya ya Wete, Pemba, naeleza kama ifuatavyo:

1. Nyumba yangu na ya Hamad zinatazamana. Katikati pana uwanja, na hapo ndipo sote tunapoanika karafuu.

2. Jumatatu tulimsaidia Hamad kuchuma mikarafuu ya bondeni. Miye nilikuwa nachambua makonyo, kupanda siwezi tena. Jioni karafuu zilipimwa kwa pishi pale uwanjani. Nadhani zilifika pishi thelathini na kitu. Sikuhesabu mimi, aliyehesabu ni mkewe Hamad.

3. Jumanne zilianikwa juu ya majamvi. Kila magharibi zilikusanywa kwa ajili ya umande. Ijumaa zilikuwa zimekauka, ukiivunja inalia ko. Hamad akazitia magunia mawili, akayaweka barazani kwake, akasema asubuhi atazipeleka kituoni kuziuza.

4. Usiku ule, baada ya isha, nilikuwa nimeshajinyoosha. Umeme ulikuwa umekatika. Nikasikia kuku wanapiga kelele kwa Hamad, nikafungua dirisha.

5. Niliona vivuli vya watu wawili barazani. Sauti ya mmoja miye naijua, ni ya Makame, kwa sababu kalelewa kwangu. Uso sikuuona, kulikuwa giza. Wa pili sikumjua kwa sauti wala kwa umbo.

6. Nilimsikia Makame akisema, "Hizi za mikarafuu yetu, mzee katuachia." Kisha akamwambia abebe. Wakashika njia ya pwani. Gunia lile lilikuwa zito, maana walilitua kama mara mbili kabla hawajapotea.

7. Sikupiga kelele. Niliogopa.

8. Alfajiri Hamad aliniuliza kama nimesikia kitu. Nikamwambia nilivyosikia. Tukaenda kwa sheha. Makame aliitwa, akaja, akasema mbele ya sheha kuwa mikarafuu miwili ya bondeni ni ya baba yake. Yaliyokuwapo baina ya wazee wao siyajui, wala sijapata kuambiwa.

Bi Wakili, yako mawili sikuyagusa. Aya ya 3 yasema magunia mawili, aya ya 6 yasema "gunia lile". Huenda walichukua moja, huenda la pili lilibebwa asilione. Nikiandika "magunia" ili aya zikubaliane, nitakuwa nimeongeza gunia kwenye dai, na hilo si la mwandishi kuamua.

La pili ni zito zaidi: "akamwambia abebe". Nani alimwambia nani? Ukisoma kwa mfululizo unamdhania Makame ndiye aliyeamrisha, na mkono ulinivuta niandike jina lake. Lakini Bi Time hakulitaja hapo. Aliyeamrisha na aliyebeba hawako sawa mbele ya hakimu, na mtu asitiwe hatiani kwa sababu mwandishi alitaka sentensi isomeke vizuri. Tumuulize bila ya kumtilia jibu mdomoni: "Ulimsikia nani akisema hivyo?" Akisema hajui, ibaki kama ilivyo.

Aya ya 7 naomba isiguswe. Mwenzangu mmoja pale ofisini aliona ni fupi mno, akataka kuongeza "kwa kuhofia usalama wangu". Bi Time hasemi hivyo. Alisema aliogopa, akanyamaza, nami nimeandika hayo hayo.

Kwa kuwa yeye husoma kwa herufi za Kiarabu, nitamsomea aya kwa aya kwa sauti, naye anisahihishe. Tamko la kuwa amesomewa na amekubali sijaliandika, kwa sababu bado hajasomewa. Jumamosi baada ya adhuhuri yuko nyumbani. Ukiweza kufika, majibu yake ya mambo yale mawili uyasikie mwenyewe.

Khamis, msaidizi wa sheria, Wete