Ombi la dakika 15 za simu

Shikamoo dada Zainabu,

Ni Rehema, tuliyefunga naye hesabu za mwisho wa mwaka usiku ule umeme ulipokatika. Nimesikia sasa unaongoza kitengo cha fedha, hongera sana.

Kwa miaka 6 nilikuwa nyumbani nikimuuguza mama baada ya kupata kiharusi. Sasa anatembea mwenyewe, nami niko tayari kurudi kazini muda wote.

Sikukaa mbali na vitabu: nimekuwa mweka hazina wa kikundi cha akiba cha watu 40, nikilinganisha daftari na taarifa ya benki kila mwezi. Programu mpya za mishahara ndizo bado najifunza.

Siombi nafasi, dada. Naomba dakika 15 tu uniambie mnapoajiri siku hizi mnatazama nini. Alhamisi jioni utakuwa na nafasi?

Rehema