Ujumbe wa Riziki

Mwanaisha alikuwa kwenye feri ya Likoni, kabanwa baina ya mkokoteni wa madafu na ukingo wa chuma, alipobonyeza kutuma.

"Shoga, nisomee hii barua kabla sijaituma. Nimeandika nina uzoefu mkubwa wa kutoa mizigo bandarini, na wallahi ni miezi minane tu ya kujaza fomu za forodha kwa mjomba. Kazi naitaka mno, dawa za sukari za mama zaisha. Nikisema kweli watanichukua?"

Juu ya skrini halikuwa jina la Riziki. Lilikuwa la afisa wa ajira wa kampuni moja ya Kilindini. Alama mbili za buluu zikatokea kabla hajawahi kufuta.

Feri ikagusa ng'ambo, watu wakamiminika. Yeye kasimama tu, miguu haina nguvu, mpaka mwenye mkokoteni akampigia kelele apishe.

Simu ikatetema.

"Dada, hizo fomu wajaza mwenyewe?"

"Mwenyewe, bwana. Hata zikirudishwa, nazirekebisha mimi."

"Basi andika hivyo, miezi minane. Njoo Jumatatu saa tatu asubuhi na vyeti. Mama apate afueni."

Akapanda mwinuko wa kivukoni mbio, akimpigia Riziki.

"Shoga, lile buibui lako jipya, niazime!"